Bei mbili kwenye skrini: oda za opsheni na hatari ya kununua kwa bei yoyote

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2024, kabla Wall Street haijafunguliwa, kipimo kiitwacho VIX kiliruka hadi zaidi ya 65. Ijumaa iliyotangulia kilikuwa kimefunga kwenye 23 na kidogo. VIX hukokotolewa kutokana na bei za opsheni za faharasa ya hisa 500 kubwa za Marekani, na watu hukiita kipimo cha hofu. Hofu siku ile ilikuwapo kweli, maana soko la Tokyo lilikuwa limeporomoka kwa zaidi ya asilimia 12. Lakini kufikia jioni VIX ilikuwa imeshuka hadi chini ya 39, na wachumi waliochunguza tukio hilo baadaye walikuta kwamba sehemu kubwa ya ule mruko haikutokana na watu kununua opsheni kwa bei za juu. Ilitokana na pengo. Waliokuwa wakitangaza bei alfajiri ile walishusha bei ya kununulia na kupandisha bei ya kuuzia kwa sababu hawakujua dunia inaelekea wapi, na VIX huchukua bei ya katikati ya hizo mbili. Pengo lilipotanuka, kipimo nacho kikapanda.

Ninaanza na tukio hilo kwa sababu lilitokea kwenye opsheni zinazouzwa na kununuliwa kwa wingi kupita karibu zote duniani. Kama bei za huko zinaweza kuachana namna ile, mtu mwenye akaunti ya dola 1,500 anayenunua opsheni ya kampuni ya wastani ajue anaingia wapi. Siku hizi wapo Waswahili wengi wenye akaunti hizo: walio Minnesota, Texas na Toronto, na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofuatilia soko la Marekani kwa simu jioni. Wengi wamejifunza opsheni ni nini. Wachache wamefundishwa namna ya kuagiza.

Kwa ufupi kwa asiyejua: opsheni ya kununua humpa mwenye nayo haki, bila kumlazimisha, ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa hadi siku fulani. Opsheni ya kuuza humpa haki ya kuuza. Mkataba mmoja wa kawaida Marekani ni wa hisa 100, kwa hiyo bei ikiandikwa 1.80 unalipa dola 180. Biashara hii ilipata soko lake rasmi mjini Chicago mwezi Aprili 1973, na leo Marekani ina masoko ya opsheni zaidi ya kumi na tano. Bei unayoiona kwenye simu ni ile iliyo bora kuliko zote iliyokusanywa kutoka masoko hayo yote.

Nayo si bei moja. Ni mbili. Upande wa kushoto, chini ya neno `Bid`, ipo bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi yeyote yuko tayari kutoa sasa hivi. Upande wa kulia, chini ya `Ask`, ipo bei ya chini kabisa anayoitaka muuzaji. Ukitaka kununua papo hapo, unalipa ya kulia. Ukitaka kuuza papo hapo, unapokea ya kushoto. Nafasi iliyo kati yao ndiyo pengo.

Kwenye hisa za kampuni kubwa pengo huwa senti moja, na mtu huweza kufanya biashara miaka bila kuliwaza. Opsheni ni habari nyingine. Kampuni moja ina aina moja ya hisa inayotafutwa na kila mtu, lakini ina mamia ya opsheni, maana kila bei ya mkataba na kila tarehe ya mwisho ni bidhaa yake peke yake. Nyingi hupita siku nzima bila mtu hata mmoja kuzigusa. Bei unazoziona hapo hazikuwekwa na wanunuzi na wauzaji wa kawaida, bali na kompyuta za makampuni yanayoitwa watengeneza soko, ambayo kazi yake ni kutangaza bei pande zote mbili muda wote.

Mtengeneza soko akikuuzia opsheni ya kununua, hakai akisubiri kuona kama hisa itapanda. Mara moja hununua kiasi cha hisa zenyewe ili ajikinge. Kama hisa hizo nazo zina pengo, gharama hiyo anaitia kwenye bei yako. Hana uhakika pia hisa itayumba kiasi gani miezi ijayo, na hajui kama wewe unayenunua una habari ambayo yeye hana. Kwa hiyo anaweka bei za tahadhari, mbali na thamani anayoiamini yeye mwenyewe. Asiyekuwa na haraka atapewa bei nzuri zaidi akiiomba. Mwenye haraka atalipa ile iliyotangazwa. Sehemu iliyobaki ya makala hii inasimama juu ya jambo hilo.

Tuchukue mfano, kampuni ni ya kubuni lakini namba ni za aina unayoweza kukutana nayo siku yoyote. Hisa inauzwa dola 50. Unataka opsheni tano za kununua zenye bei ya mkataba ya 55, zilizobakiza miezi mitatu. Skrini inaonyesha hivi:

```
Strike   Bid    Ask
50       3.10   4.20
55       1.20   2.40
60       0.45   1.25
```

Simu inakuuliza aina ya oda. Kwenye programu nyingi kuna `Market` na `Limit`, na ya kwanza hupendwa kwa sababu haikuombi kuandika chochote. Oda ya bei ya soko ina maana moja tu: nipatie sasa, kwa bei yoyote iliyopo. Ni kama kumtuma mtu Kariakoo ukimwambia alete kitenge bila kuuliza bei, huku muuzaji akikusikia kwenye simu.

Unabonyeza. Lakini ile 2.40 uliyoiona ilikuwa ya mikataba miwili tu. Wingi huo huandikwa kwa herufi ndogo kando ya bei, na programu nyingine zinauficha kabisa. Mikataba miwili inanunuliwa kwa 2.40, ambayo ni dola 480. Oda yako haijaisha, na haina amri ya kusimama, kwa hiyo inapanda hadi kwa muuzaji anayefuata aliye kwenye 2.90 na kuchukua mitatu iliyobaki kwa dola 870. Jumla umelipa dola 1,350, wastani wa 2.70 kwa opsheni. Hakuna aliyekuibia na hakuna kilichoharibika. Oda imefanya kile ilichoagizwa.

Sasa tazama akaunti yako dakika moja baadaye. Hisa haijasogea, bado ni dola 50. Ukitaka kutoka kwa njia ile ile uliyoingilia, mnunuzi aliyepo anatoa 1.20. Mikataba yako mitano ingekupatia dola 600, na hiyo ni ikiwa mnunuzi huyo anataka yote mitano. Zaidi ya nusu ya fedha yako imekwenda kabla wazo lako kuhusu kampuni halijajaribiwa. Pengo likibaki hivyo hivyo, hisa italazimika kupanda upesi zaidi ya dola 3 ili tu uweze kuuza bila hasara. Unaweza kuwa sahihi kuhusu kampuni na bado ukapoteza.

Linganisha na opsheni za mfuko wa SPY, zinazofanyiwa biashara kwa wingi mno, ambako mara nyingi utakuta kitu kama 4.10 kwa 4.12. Hapo oda ya bei ya soko inakugharimu senti moja juu ya katikati, yaani dola 1 kwa mkataba, na mikataba iliyopo kwenye bei hiyo ni mingi. Sitamlaumu mtu anayeitumia hapo mchana soko likiwa limetulia. Ubaya wa oda hii unakua pamoja na pengo. Kabla ya kununua, mimi hugawanya pengo kwa bei ya katikati. Kwa SPY inatoka chini ya asilimia moja. Kwa mfano wetu, 1.20 gawanya kwa 1.80 ni asilimia 67. Ikizidi asilimia 10 najua kwamba namna ya kuagiza itaamua matokeo kuliko ninavyopenda.

Njia nyingine ni oda yenye kikomo. Unaandika bei ambayo hutaivuka: unaponunua, hutalipa zaidi ya hapo, unapouza, hutapokea chini ya hapo. Ubaya wake ni kwamba inaweza isitimie. Watu huogopa hilo kuliko inavyostahili, kwa kuwa hudhani lazima wachague kati ya kusubiri kwenye bei ya kushoto hadi jioni na kulipa ya kulia. Katikati kuna nafasi kubwa.

Kwenye mfano wetu katikati ya 1.20 na 2.40 ni 1.80. Unaweka oda ya kununua mikataba mitano kwa 1.75. Oda yako ikifika, inakuwa ndiyo bei bora ya kununua katika soko zima, na utaona namba ya kushoto ikibadilika kutoka 1.20 kuwa 1.75. Hiyo ni wewe. Unasubiri dakika moja au mbili. Kama hakuna aliyejibu, unairekebisha hadi 1.80, unasubiri tena, kisha 1.85. Opsheni nyingi zilizo chini ya dola 3 husogea kwa hatua za senti tano, zile maarufu zaidi kwa senti moja, na ukiandika bei isiyolingana na hatua hizo dalali wako ataikataa oda. Mahali fulani katika ngazi hizo unafika kwenye bei ambayo kompyuta ya mtengeneza soko inaona inamwachia faida ya kumtosha juu ya thamani anayoiamini, na oda inatimia ghafla. Tuseme ni 1.85. Umelipa dola 925 badala ya 1,350.

Ukifika 2.00 au 2.05 bila jibu, hilo nalo ni jibu. Labda thamani halisi iko juu kuliko katikati, au hakuna anayetaka kuuza kwa bei ya maana. Hapo ni ruhusa kuacha. Amua kikomo chako cha mwisho kabla ya kuanza, kikiwa kimeandikwa pembeni, kwa sababu mtu anayepanda senti tano tano huku akitazama skrini hujikuta amefika 2.40 mwenyewe, kwa mkono wake.

Tatizo ni kwamba bei ya katikati nayo huweza kudanganya, kama ilivyotokea ile Agosti. Opsheni yenye 0.05 kushoto na 5.00 kulia haina katikati ya kuaminika. Kinachoonyeshwa hapo ni kwamba hakuna aliye tayari kusema bei. Njia ya kwanza ya kupima ni kuangalia jirani zake. Katika mfano wetu katikati za mikataba ya 50, 55 na 60 ni 3.65, 1.80 na 0.85. Zinashuka kwa mpangilio unaoeleweka, kila moja ikiwa karibu nusu ya iliyotangulia. Kama ya 55 ingeonyesha katikati ya 3.00 huku jirani zake zikibaki hapo, ningejua kwamba namba hiyo haina maana, na nisingeifuata.

Njia ya pili ni ya lazima kwa anayeuza opsheni ambayo tayari ina faida kubwa ndani yake. Hisa iko dola 50 na una opsheni ya kununua yenye bei ya mkataba ya 40. Haki ya kununua kwa 40 kitu kinachouzwa 50 ina thamani ya angalau dola 10. Lakini siku chache kabla ya tarehe ya mwisho utaona imeandikwa 9.50 kushoto na 11.20 kulia. Anayeuza kwa oda ya bei ya soko anapokea 9.50 na kuacha dola 50 kwa kila mkataba, fedha ambayo ilikuwa yake wazi. Kikomo chake kingekuwa 10 au senti chache chini yake, na kwa kawaida yupo wa kuichukua, maana akinunua kwa 9.90 na kuitumia haki hiyo anapata senti kumi zake bila wasiwasi. Asipotokea mtu, mwenye opsheni anaweza kuitumia haki mwenyewe, akanunua hisa kwa 40 na kuziuza kwa 50, ikiwa dalali wake anamruhusu na akaunti inamudu.

Saa nayo ina neno lake. Soko la opsheni za hisa Marekani hufunguliwa saa 3:30 asubuhi ya New York hadi saa 10 jioni. Kwetu Afrika Mashariki, wakati wa majira yao ya joto, hiyo ni saa 10:30 jioni hadi saa 5 usiku; majira yao ya baridi ongeza saa moja. Dakika za kwanza ndizo mbaya kupita zote. Opsheni haiwezi kupewa bei ya kueleweka kabla hisa yake haijafunguliwa na kutulia, na watengeneza soko huanza na mapengo mapana kisha huyabana taratibu. Oda ya bei ya soko iliyowekwa usiku ili isubiri kufunguliwa inaingia sokoni wakati huo hasa. Ndiyo matumizi mabaya kuliko yote ninayoyajua ya kitufe hicho.

Baada ya bei, simu inakuuliza muda. `Day` ina maana oda isipotimia leo inafutwa soko likifungwa. `GTC` ni oda inayodumu hadi uifute mwenyewe: kesho soko likifunguliwa inarudi kazini, na keshokutwa, bila wewe kugusa chochote. Kwa mtu anayeishi mbali na saa za New York ina faida ya kweli. Ulinunua kwa 1.85 na ungeridhika kuuza kwa 3.70, unaweka oda ya kuuza yenye kikomo cha 3.70, `GTC`, na unalala.

Kudumu kwake kuna mipaka. Haidumu kuliko mkataba wenyewe, na madalali wengi huweka ukomo wao, wengine siku 60, wengine 90, wengine 180. Hufanya kazi saa za kawaida za soko tu. Kampuni ikigawanya hisa zake, mikataba ya opsheni hurekebishwa na oda iliyokuwa ikisubiri huweza kufutwa, kwa hiyo usidhani iko palepale.

Hatari yake ni tofauti na ya oda ya bei ya soko. Bei haikutoroki, imeganda, huku dunia ikisogea. Tuseme saa saba mchana ya New York inatangazwa kwamba kampuni yetu inanunuliwa kwa dola 65 kwa hisa. Opsheni yako ya 55 sasa ina thamani ya karibu dola 10. Kompyuta zinasoma habari hiyo kabla hujafungua simu, na kitu cha kwanza zinachokikuta ni ofa yako ya kuuza kwa 3.70. Inachukuliwa papo hapo. Umepata faida uliyoipanga, na zaidi ya dola 600 kwa kila mkataba zimekwenda kwa aliyewahi. Upande wa kununua ni vivyo hivyo: oda ya kununua kwa 1.00 iliyosahaulika wiki tatu hutimia vizuri sana siku ile habari mbaya imeifanya opsheni kuwa na thamani ya 0.40. Ndiyo sababu ninaiona oda ya kudumu kuwa nzuri kwa kuuza ulichonacho kwa bei utakayoridhika nayo hata ukikosa zaidi, na mbaya kwa kununua.

Kuna aina moja ambayo inaunganisha hatari zote mbili, nayo ni oda ya kukata hasara, iliyoandikwa `Stop`. Inalala hadi bei iguse kiwango ulichoweka, kisha inaamka ikiwa oda ya bei ya soko. Tarehe 24 Agosti 2015 kipimo cha Dow kilianguka kwa zaidi ya pointi 1,000 dakika chache tu baada ya soko kufunguliwa, na oda nyingi za namna hii ziliamka pamoja na kuuza kwa bei za kusikitisha. Mwaka uliofuata, kuanzia Februari 2016, Soko la Hisa la New York liliacha kabisa kupokea oda za kukata hasara na oda za `GTC`. Anayezitoa leo ni dalali wako, ndani ya mitambo yake. Kwenye opsheni yenye pengo pana tatizo ni baya zaidi, kwa sababu kwa baadhi ya madalali inatosha bei ya kushoto kushuka kwa nusu dakika ili oda iamke, hata kama hakuna aliyeuza chochote. Ukiihitaji, chagua ile inayoamka ikiwa na kikomo, `Stop Limit`, ukijua kwamba inaweza kuachwa nyuma.

Wapo wanaotumaini kwamba bei ya ajabu itabatilishwa. Masoko yana kanuni za kurekebisha biashara zilizofanyika kwa kosa la wazi, lakini ombi lazima lifike ndani ya dakika, na bei hupimwa dhidi ya bei zilizokuwapo sokoni wakati huo. Kama zenyewe zilikuwa pana, kosa lako halitaonekana kuwa la wazi.

Fungua leo mipangilio ya programu unayotumia na utafute sehemu ya aina ya oda inayojiweka yenyewe. Ikiwa ni `Market`, ibadilishe iwe `Limit`, na muda uwe `Day`. Kisha fungua orodha ya oda zinazosubiri, usome kila iliyo na `GTC`, na uifute ile ambayo usingeiweka upya leo kwa bei hiyo hiyo.